Dhambi Isiyo na Jela: Kuisoma Upya Adili na Nduguze

Mama mmoja msharika, mkazi wa Kibaha, alinijia ofisini baada ya ibada ya katikati ya wiki akiwa ametoka kituo cha polisi. Mume wake alikuwa amehamia kwa mwanamke mwingine upande wa Kisarawe. Alikwenda polisi kumshtaki mume na mwanamke yule pia. Askari alimsikiliza kwa heshima, akamwambia: "Mama, pole sana, lakini hili si kosa la jinai." Alipofika kwangu hakuwa analia tena. Alikuwa na hasira. "Mchungaji," aliniuliza, "akiiba kuku wa jirani anafungwa. Ameiba ndoa yangu, wananiambia si kosa. Hiyo sheria ni ya nani?"

Jibu nililompa siku ile lilikuwa fupi na halikumtosha. Kwa muda mrefu nimelitafuta jibu zuri zaidi, na nimelipata mahali ambapo sikutegemea, katika kitabu ambacho wengi wetu tulikisoma shuleni: Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Vijana wetu walikichagua kwa ajili ya mazungumzo yao ya jioni, nami nikaombwa niyaongoze. Nilikisoma tena nikiwa na swali la yule mama kichwani, na nikaona kwamba mwandishi amelishika swali hilo lilelile. Nina sifa za kukipa kitabu hiki, na nina ugomvi nacho pia.

Hadithi yenyewe, kwa wale walioisahau, ni hii. Adili ni liwali wa mji wa Janibu chini ya mfalme Rai. Ikibali, mjumbe wa mfalme, anafika kwake na kuona jambo la ajabu: kila usiku Adili anawachapa manyani wawili, kisha analia na kuwalisha kwa huruma. Mfalme anamwita ajieleze. Inajulikana kwamba manyani wale ni ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu. Walifilisika, naye akawagawia mali yake. Wakasafiri pamoja, naye akapata utajiri na mchumba aitwaye Mwelekevu. Wakamwonea kijicho, wakamtosa baharini. Huria, jinni ambaye Adili alikuwa amemwokoa zamani, akamtoa majini. Huria alitaka kuwaua ndugu wale, Adili akawaombea. Basi akawageuza manyani, akamwamuru Adili awachape kila usiku, na asipofanya hivyo atachapwa yeye. Mfalme Rai anaposikia habari hii anaingilia kati, adhabu inakoma, na ndugu wanarudishiwa umbo la kibinadamu.

Niliwauliza vijana swali moja: ndugu hawa walikuwa wahalifu kuanzia lini? Binti mmoja alijibu mara moja: "Tangu majina yao. Mmoja anaitwa Hasidi, mwingine Mwivu." Tulicheka, lakini jibu lake linagusa tatizo lenyewe. Mwandishi amewapa majina ya dhambi za moyoni, na msomaji anawahukumu kabla hawajafanya lolote. Mahakama haina ruhusa ya kufanya hivyo. Tuifuate njia yao hatua kwa hatua, tukiwa na Kanuni ya Adhabu ya Tanzania mkononi.

Hatua ya kwanza ni wivu wenyewe. Wanamtazama ndugu yao, na moyo unawauma. Mbele za Mungu hapo pana dhambi tayari. Sisi Walutheri tunaposoma Katekisimo Ndogo tunakuta amri mbili nzima, ya tisa na ya kumi, zinazokataza kutamani tu. Lakini hakuna kifungu chochote cha sheria ya nchi kinachomshtaki mtu kwa wivu. Wala hakipo cha kumshtaki aliyetapanya urithi wake, au asiye na shukrani kwa ndugu aliyemlisha. Hayo ni maovu, na kitabu kinatufanya tuyachukie, lakini polisi hawana la kuandika.

Hatua ya pili ni shauri. Mtu mmoja akiwaza peke yake jinsi ya kumuua mwenzake bado hajaingia mikononi mwa sheria. Watu wawili wakikubaliana kuua, wameshaingia, kwa sababu makubaliano ya kutenda kosa kubwa ni kosa lenyewe, nalo linaitwa kula njama. Wazo limetoka moyoni, limekuwa neno lililosemwa na kupokelewa. Sasa kuna kitu ambacho shahidi anaweza kukieleza.

Hatua ya tatu ni kumtosa baharini. Adili hakufa. Lakini sheria yetu inasema kwamba mtu aliyeanza kutekeleza nia yake kwa njia inayofaa kuifikia, na akaidhihirisha kwa tendo la wazi, amejaribu kutenda kosa, hata kama halikutimia. Kujaribu kuua kunaweza kumletea mtu kifungo cha maisha. Kwamba Huria alimwokoa Adili hakuwasafishi ndugu zake.

Angalieni kilichohitajika mpaka tukafika hapo. Kwanza, tendo. Pili, nia iliyoambatana na tendo: kama chombo kingeyumba na Mwivu akamsukuma Adili kwa bahati mbaya, maji yangekuwa yaleyale na kilio kilekile, lakini kosa lisingekuwapo, kwa kuwa sheria haimbebeshi mtu hatia ya jambo lililotokea kwa ajali bila kutaka kwake. Tatu, sheria iliyokuwapo kabla ya tendo. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu kuadhibiwa kwa kitendo ambacho alipokifanya hakikuwa kosa kisheria. Na mwisho, hata hayo yote yakiwapo, upande wa mashtaka unatakiwa kuyathibitisha bila kuacha shaka ya maana. Kinachokosekana katika orodha hii ni ubaya peke yake. Tendo linaweza kuwa baya kupindukia na bado lisiwe jinai, kama hakuna sheria iliyolitangaza hivyo mapema.

Kwa nini basi wabunge wasitunge sheria ya kuadhibu kila kilicho kibaya? Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kunishauri hivyo kwa nia njema kabisa. Katika ugomvi wangu na kitabu kuna sehemu ya jibu.

Huria anaadhibu zaidi ya tendo, anaadhibu moyo. Angekuwa anaadhibu kutosa mtu baharini, adhabu ingekuwa na kipimo na mwisho. Lakini fimbo zake hazina idadi ya usiku. Zinaendelea kwa kuwa Hasidi anaendelea kuitwa Hasidi. Hakuna aliyewauliza ndugu wale kama wana la kujitetea, na kwa umbo la nyani hawawezi kusema. Shaaban Robert anaona ubaya wa jambo hili, ndiyo maana anamfanya Adili alie kila anapomaliza kuchapa, na ndiyo maana anamleta mfalme. Hilo ni jambo kubwa ambalo mwandishi amelifanya vizuri. Lakini anatuacha tuuone kama ukatili wa jinni mmoja, wakati ni hatari inayomngoja kila anayetaka kuadhibu moyo.

Sisi tumeiona hatari hiyo bila majini. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee waliuawa na majirani kwa sababu ya macho mekundu tu, mtoto wa mtu alipougua. Walioua waliamini kwamba wanaadhibu husuda. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Sheria ya Uchawi, iliyoanza mwaka 1928, haimkatazi tu mtu anayejigamba kuwa na nguvu za uchawi au anayetisha wenzake nao. Inamkataza pia mtu kumtaja mwenzake kuwa ni mchawi huko mitaani. Mtunga sheria alielewa kwamba mahali ambapo moyo unaadhibiwa, ushahidi unakuwa uso wa mtu, na anayelipa ni mnyonge.

Sasa nirudi kwa mama yetu. Uzinzi si wivu wa moyoni. Ni tendo, tena mara nyingi linaweza kuthibitishwa. Kwa hiyo sababu ya kwanza haitoshi kumjibu. Lakini ni kweli pia kwamba askari hakusema sheria haioni ubaya wowote. Alisema si jinai, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mume au mke haki ya kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzi wake. Ni shauri la madai: anayedai ni mwenye ndoa, si Jamhuri. Shauri hilo linaanguka kama mdai mwenyewe aliridhia uzinzi ule, au kama mdaiwa hakujua, na hata kwa kuuliza kwa kawaida asingeweza kujua, kwamba yule ana mwenzi. Na sheria inasema wazi kwamba mahakama ikikadiria fidia hiyo isiingize ndani yake lengo la kuadhibu. Mtunga sheria alifika mpaka mlangoni pa adhabu, akakataa kuingia. Alisema: aliyeumizwa afidiwe, lakini nchi haitamfunga mtu kwa hili. Aidha uzinzi unaweza kutolewa kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika, hasa kama umeendelea baada ya mwenzi kulalamika. Lakini kabla ya kuomba talaka, kwa kawaida shauri lazima lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa.

Kwa nini alikataa? Nadhani ukiwaza yatakayofuata baada ya pingu utaona. Mume akifungwa, mke aliyesalitiwa hapati mume wake. Anapata mfungwa wa kumpelekea chakula na watoto wasio na ada. Na ili polisi wapate ushahidi, italazimu waingie vyumbani mwa watu, wachunguze simu na kuwahoji watoto. Watakaoanza kushtakiwa hawatakuwa wenye nyumba zenye geti.

Majirani zetu wa Uganda walikuwa na sheria ya aina hiyo. Kanuni yao ya adhabu ilifanya uzinzi kuwa jinai, lakini kwa mizani iliyopinda: mwanamke aliyeolewa alikosa kwa kulala na mwanamume yeyote asiye mume wake, ila mwanamume aliyeoa alikosa tu kama mwanamke yule alikuwa mke wa mtu. Akilala na asiyeolewa, sheria ilinyamaza. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilikifuta kifungu kile kwa kuwa kiliwabagua wanawake. Mama yetu wa Kibaha angekwenda na malalamiko yake chini ya sheria ile, na yule mwanamke wa Kisarawe akawa hajaolewa, angejibiwa vilevile kama alivyojibiwa hapa. Ile iliyoonekana kama sheria ya kulinda ndoa ilikuwa inalinda umiliki wa waume.

Luther aliandika mwaka 1523, katika kijitabu chake juu ya mamlaka ya dunia, kwamba mamlaka hiyo inafika kwenye mwili na mali na mambo ya nje, haifiki rohoni. Hakusema hivyo ili kuirahisisha dhambi. Alisema hivyo kwa sababu upanga ukitumwa kazi ya Neno hauwezi kuifanya: unaweza kumzuia mtu asiue, hauwezi kumfanya apende. Paulo naye alipopata habari za mtu wa Korintho aliyekuwa na mke wa baba yake, hakuwaandikia wakuu wa mji. Aliliandikia kanisa. Aliwakemea kwa kunyamaza kwao, akataka yule atengwe, na lengo alilolitaja ni roho ya mtu yule ipate kuokolewa.

Hapa ndipo ninapoona kwamba swali la mama lilitakiwa kuelekezwa kwetu. Alikwenda polisi kwa sababu alijua kwamba kanisani hatutafanya kitu. Mume wake alikuwa mtu wa michango mizuri. Wazee walijua habari zake kwa miezi, na kila mmoja alimngoja mwenzake amwendee. Tulikuwa tunalilaumu Bunge kwa kutotufanyia kazi ambayo Mathayo 18 imetupa sisi: kumwendea mtu faraghani, kisha na mashahidi, kisha mbele ya kanisa.

Na kuna upande wa pili, mzito zaidi, ambao kitabu kinautaja bila kuuchunguza. Ugomvi wangu mkubwa na Shaaban Robert uko hapa. Katika hadithi yake kila mtu anafanya kazi ya mwenzake. Huria, asiye na mamlaka, anaadhibu. Adili, aliyeumizwa, anafanywa mchapaji. Na mfalme Rai, ambaye peke yake ana kiti cha hukumu, hamhukumu mtu. Anawaombea tu wakosaji wasamehewe. Msomaji anafurahi kwamba ndugu wamepatana, nami nilifurahi nilipokuwa shuleni. Lakini watu wawili walijaribu kuua, na hakuna baraza lolote lililowahi kukaa kulisikiliza jambo hilo. Adili alikuwa na haki ya kusamehe kilichokuwa chake. Hakuwa na uwezo wa kusamehe kwa niaba ya abiria wa chombo kijacho.

Hicho ndicho tunachokifanya katika ofisi zetu. Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika mmoja niliotumikia, familia mbili zilikuja pamoja. Kijana mtu mzima alikuwa amempa mimba binti wa sekondari. Walikuwa wameshakubaliana kiasi cha fedha, na walitaka mchungaji aombe na kulifunga jambo. Baba wa binti aliniambia, "Mchungaji, ni dhambi, na dhambi inasamehewa." Wazee wawili waliitikia kwa vichwa. Binti alikaa karibu na mlango, na hakuna aliyemuuliza neno.

Maneno ya baba yule ni kweli, lakini hayakuwa ukweli wote. Lile lilikuwa dhambi na lilikuwa jinai. Sheria yetu inamchukulia binti wa umri ule kuwa hawezi kutoa ridhaa, na tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inamtishia anayempa mwanafunzi mimba kifungo cha miaka 30. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa. Tena kupokea mali kwa makubaliano ya kuficha kosa kubwa ni kosa lingine juu ya lile la kwanza. Niliwaambia kwamba nitaomba pamoja nao, na kwamba tukimaliza kuomba tutakwenda wote kwa ofisa ustawi wa jamii. Familia moja ilihama usharika. Sijutii, ingawa najua kuna ofisi ambazo maombi yalifanyika na safari ile haikufanyika.

Kwa hiyo namna ya kutofautisha si ngumu kama tunavyodhani. Mtu akikuletea jambo, usianze kwa kuuliza ni baya kiasi gani. Uliza: kuna mtu aliyelazimishwa, aliyepigwa, aliyeibiwa, au aliye mtoto? Kama yupo, jambo hilo si lako peke yako. Lipeleke penye mamlaka, kisha endelea kumhudumia kila mmoja wao, mkosaji naye, hata gerezani. Kama ni watu wazima waliovunja ahadi yao kwa Mungu na kwa wenzi wao, usimtume mtu polisi. Inuka wewe ukamwone. Na kama kuna madai ya mali, fidia au matunzo ya watoto, mwonyeshe aliyeumizwa njia ya baraza na ya mahakama ya madai, maana kusamehe hakumzuii mtu kudai chakula cha watoto wake.

Nawaomba msharika asiache kukisoma kitabu hiki, na awape watoto wake wakisome. Machozi ya Adili usiku ule yanafundisha kitu ambacho sheria haiwezi kukifundisha: kwamba anayemchapa ndugu yake anajichapa mwenyewe. Ila tukifika kwa mfalme Rai tusimame kidogo, tumuulize kwa nini hakuketi kwenye kiti chake.

Mama yule bado ni msharika wetu. Wazee wawili nami tulikwenda Kisarawe kumwona mume wake, safari tatu. Mara ya kwanza hakutoka nje. Mara ya pili alitupa maji ya kunywa. Mara ya tatu alikubali kutuma fedha za watoto, lakini kurudi hakukubali, na yuko chini ya marudi ya kanisa mpaka leo. Mama aliponiona baada ya safari ya tatu hakuniuliza tena habari za sheria. Aliuliza, "Mtakwenda tena lini?"